Ghafi, Mkononi, na Neno "Matarajio"

Jumamosi moja asubuhi mpwa wangu alikuja nyumbani, hapa Buyenzi, simu ikiwa mkononi na kidole kikiwa juu ya kitufe cha kutuma. Yeye ni mhasibu. Kazini hushinda na Kifaransa, nyumbani kwao ni Kirundi, na Kiswahili chake ni cha mtaani Bujumbura, chepesi na chenye ladha, ila si cha kuandikia barua ya kazi. Ndiyo maana akanijia mimi niliyezeeka katika kazi ya kufasiri.

"Mjomba, hebu soma hii kwanza. Nataka kujibu sasa hivi, wasije wakamchukua mwingine."

Ujumbe ulikuwa umeingia LinkedIn usiku, kutoka kwa mtu wa Dar es Salaam asiyemfahamu. Ulikuwa mfupi: "Habari. Nimeupitia wasifu wako na umenivutia. Mteja wetu, kampuni ya usafirishaji na uondoshaji mizigo, anatafuta mhasibu mkuu wa ofisi yake ya Bujumbura. Je, uko tayari kwa nafasi mpya? Na matarajio yako ya mshahara ni yapi?"

Chini yake mpwa wangu alikuwa ameshaandika: "Asante sana. Niko tayari. Ninatarajia milioni mbili."

Nilimwomba aiweke simu mezani. Kiasi chenyewe hakikuwa na kasoro, kwa kuwa alikuwa amepiga hesabu ya kodi ya nyumba, karo ya mtoto na anachompelekea mama yake kila mwezi, akafika kwenye milioni mbili za faranga. Kasoro ilikuwa kwamba zile "milioni mbili" zilisimama peke yao, na anayezipokea angeweza kuzivika nguo yoyote aliyoitaka. Na hata swali lenyewe lilikuja na neno linalostahili kutazamwa vizuri kabla ya mtu kulijibu.

Tuanze na "matarajio". Kutaraji ni kungoja jambo kwa matumaini. Mkulima hutaraji mvua, mgonjwa hutaraji kupona, na mzazi hutaraji mtoto wake afaulu. Katika mifano yote hiyo uamuzi uko kwingine, na mwenye kutaraji kazi yake ni kungoja. Sasa mtu akiulizwa matarajio yake ya mshahara, neno lenyewe limeshamkalisha kwenye benchi la wanaongoja. Mpwa wangu, ambaye kazini hawezi kuipitisha hati ya malipo isiyo na risiti, alijibu kama mtu anayetaja dua yake.

Mkazi wa Bujumbura ana bahati ya kuweza kulisikia swali hilo hilo kwa masikio matatu. Kirundi humuuliza mtu umushahara wipfuza, yaani mshahara anaoutamani. Neno la mshahara wamelichukua kwetu Waswahili, lakini kitenzi ni chao, na ni kitenzi cha tamaa ya moyo. Kifaransa cha ofisini hutumia neno lenye maana ya madai, lile ambalo lingefaa hata mahakamani: mtu huandika anachodai. Kwa hiyo mtu mmoja, kwa kazi moja, huulizwa anatamani nini, anadai nini, na anangojea nini. Nimewaona watu wakijibu tofauti kulingana na lugha ya swali. Kwa Kifaransa hutaja kiasi na kunyamaza. Kwa Kiswahili huongeza "lakini tunaweza kuelewana" kabla hata hawajaombwa kupunguza.

Lakini yule anayeuliza hatafuti tamaa, wala dai, wala tumaini. Anatafuta kima. Ofisi iliyotangaza nafasi imeshatenga fungu, na yeye anataka kujua kama mtu huyu ataingia ndani ya fungu hilo au atabaki nje, ili asimpangie usaili watu wakaja kuachana mwishoni. Kima ni neno la Kiarabu lililokaa kwetu siku nyingi, lenye maana ya thamani au kiasi, na kila mfanyakazi analijua katika "kima cha chini cha mshahara". (Hapa kwetu kima cha chini cha kisheria kiliwekwa mwaka 1988: faranga 160 kwa siku mjini na 105 vijijini. Miaka mingi sasa hakimwambii mtu chochote kuhusu thamani ya kazi yake.) Ningekuwa mimi ndiye ninayeuandika ujumbe ule, ningeuliza: "Unaifikiria kazi hii kwa kima gani?" Hapo anayejibu angejua kwamba anaulizwa hesabu, naye angejibu kwa hesabu.

Neno la pili nililomwonyesha mpwa wangu hakuwa amelitilia maanani hata kidogo: "mteja wetu". Yeye alikuwa akimwita mwandishi wa ujumbe "mwajiri". Mwajiri ni yule atakayelipa. Huyu ana mteja, na mwenye mteja ni wakala. Tofauti hiyo hubadilisha jibu zima. Mwajiri akikipata kiwango chako cha chini kabisa, ana kila sababu ya kukulipa hicho hicho. Wakala wa aina hii kwa kawaida hulipwa na kampuni mtu anapoajiriwa, na mara nyingi ujira wake ni sehemu ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa aliyeajiriwa. Hapati faida wewe ukilipwa kidogo. Hofu yake kubwa ni kukuleta hadi mwisho kisha ukatae, kwa sababu hapo jasho lake lote limekwenda bure. Kwa hiyo wakala anaweza kuambiwa ukweli mapema zaidi kuliko mwajiri, mradi uwe ukweli uliopimwa.

Kuna na mtu wa tatu anayejificha ndani ya maneno hayo hayo, naye hutambulika kwa swali lake linalofuata. Ukishamtajia mshahara, anaukubali papo hapo bila kuuliza umefanya kazi wapi, kisha anataka ada ya fomu, ya kipimo cha afya au ya viza. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema katika kifungu cha 7 kwamba wakala wa ajira hapaswi kumtoza mfanyakazi ada, iwe waziwazi au kwa kuzunguka. Anayeukubali mshahara wako haraka namna hiyo hana fungu lolote lililotengwa.

"Sawa," mpwa wangu akasema. "Ni wakala. Basi nimwambie milioni mbili, si ndiyo ukweli?"

Nikamuuliza: milioni mbili zipi?

Hapa ndipo lugha yetu inapompa mtu taabu kweli. Mshahara una sura mbili: ile inayoandikwa kwenye mkataba na ile inayoingia benki. Bujumbura watu wote, hata asiyejua Kifaransa, husema bruti na neti, na wanaelewana. Kiswahili cha vitabu kina "mshahara ghafi" kwa ile ya kwanza. Ni neno zuri mno. Ghafi ni kitu ambacho hakijasafishwa wala kuondolewa takataka, kama pamba kabla ya kuchambuliwa au dhahabu kabla ya kuyeyushwa. Anayesikia "mshahara ghafi" anajua bila kufundishwa kwamba kuna kitu bado kitatolewa.

Lakini sura ya pili haijapata jina lililotulia. Wengine huandika "mshahara halisi", nami silipendi kabisa. Wanauchumi wanalo neno hilo hilo kwa jambo jingine, yaani mshahara ukishapimwa kwa bei za sokoni. Tena linamfanya msomaji adhani kwamba ule wa kwanza ulikuwa wa uongo. Wengine husema "mshahara safi", kinyume cha ghafi, na kwa sauti linakaa vyema, ila nimeona watu wakilisikia kama sifa: mshahara safi, mshahara mzuri. Wengine, hasa Tanzania, husema "teki homu" na kumaliza. Mimi kwa miaka mingi nimeandika "mshahara wa mkononi". Wapo watakaosema si neno la kiofisi. Lakini sijakutana bado na mtu aliyelisikia akalielewa vingine. Kati ya ghafi na mkononi kuna "makato", neno la wazi kama kisu.

Tukachukua karatasi tukaikata milioni mbili. Kwa kanuni tulizotumia siku ile, mfanyakazi huchangia INSS asilimia 4 kwa ajili ya pensheni, lakini mchango huo hauhesabiwi juu ya mshahara wote. Una kikomo cha faranga 450,000. Asilimia 4 ya hizo ni 18,000. Zinabaki 1,982,000 ambazo mamlaka ya mapato, OBR, inazitazama kwa daraja tatu: 150,000 za kwanza hazikatwi kitu, kutoka hapo hadi 300,000 hukatwa asilimia 20, yaani 30,000, na kila kinachozidi 300,000 hukatwa asilimia 30. Kwake kinachozidi ni 1,682,000, na asilimia 30 yake ni 504,600. Jumlisha makato yote: 552,600. Mkononi zinabaki faranga 1,447,400.

Alizitazama zile tarakimu kwa muda. Mishahara ya wengine huwa anaikata kila mwisho wa mwezi, na hesabu hii anaijua kuliko mimi. Ila kwa mshahara wake mwenyewe alikuwa amefikiri kama mama wa nyumbani, kwa zile zinazotoka mkononi kwenda dukani, halafu akaziandika mahali ambapo kila msomaji wa kiofisi angezisoma kama ghafi. Angepoteza zaidi ya robo ya kiasi alichokitaka, na hakuna ambaye angekuwa amemdanganya.

Basi tukaigeuza hesabu. Ili apate milioni mbili mkononi, ghafi lazima iwe karibu 2,790,000. Alitamani milioni mbili, lakini kima chake ni milioni mbili na laki nane kasoro kidogo. Na hapo bado hatujagusa ukweli kwamba mishahara mingi ya hapa hugawanywa vipande, mshahara wa msingi, posho ya nyumba na posho ya usafiri, na si kila kipande hukatwa sawasawa. Kampuni mbili zinaweza kuandika jumla moja na mfanyakazi akaenda nyumbani na viasi viwili tofauti. Kwa hiyo siku ya kupewa barua ya ajira, kitu cha kuomba ni mchanganuo, si jumla.

Nimetaja posho, na siwezi kulipita neno hilo hivi hivi. Katika karne ya 19, kwenye misafara iliyotoka pwani hadi Ujiji, kusini mwetu kando ya ziwa letu hili, posho ilikuwa chakula cha mpagazi cha kila siku, au kitambaa na shanga za kununulia chakula hicho. Haikuwa malipo ya kazi. Nchini Uganda neno limebaki jikoni hadi leo, na ukiomba posho utaletewa sima. Kwetu na Tanzania limehamia ofisini likawa fedha ya safari, ya kikao na ya nyumba. Maana ya asili bado ipo ndani yake: kitu cha kukuwezesha kufanya kazi, siyo thamani ya kazi. Ndiyo maana ninamwonya kila anayeuliza asichanganye mshahara na posho katika tarakimu moja. Posho inaweza kufutwa kwa waraka mmoja; mshahara wa msingi kuugusa ni shughuli nyingine.

Misafara hiyo hiyo inatufundisha neno mshahara lenyewe. Limetoka kwenye shahri, mwezi kwa Kiarabu, na asili yake ni mapatano ya kulipana kwa mwezi. Waungwana wa pwani waliojiandikisha Zanzibar na Bagamoyo walilipwa hivyo, dola kadhaa kwa mwezi, iwe msafara unatembea au umekwama kwa vita. Wanyamwezi kwa kawaida walipatana kwa safari nzima, na kwa kitambaa. Malipo yao yalikuwa ujira, kazi kwa kazi, na msafara ukichelewa hasara ilikuwa yao. Kwa hiyo anayesema "mshahara" amekwisha kusema "kwa mwezi" bila kujua. Masikioni mwetu "mshahara wa mwaka" una mgongano ndani yake.

Lakini wakala wa Ulaya au Amerika huuliza kwa mwaka, na mshauri wa mkataba mfupi huulizwa kwa siku. Kijana mmoja ninayemfahamu, mtengeneza programu, aliulizwa na kampuni ya mbali akaandika "elfu kumi na mbili, dola". Yeye aliwaza mwaka, dola elfu moja kila mwezi. Aliyemwuliza alikuwa na fungu la mwezi, akaona kiasi cha mbali mno, akafunga mazungumzo bila neno. Kijana aliligundua hilo miezi kadhaa baadaye, alipokutana na aliyepata kazi ile.

Hilo la kufunga bila neno ndilo linalotutofautisha na soko, na watu wa mji huu wanaumia kwa kutolijua. Sisi tumekulia kwenye kupatana bei. Ukienda kununua kitenge kwenye soko la kwa Sioni, muuzaji hutaja bei ya juu akijua utaishusha, nawe unataja ya chini ukijua atapandisha, na mnaonana usoni hadi mwisho. Muuzaji akikuona unaondoka hukuita. Kwa hiyo mtu akiulizwa mshahara, mkono wake wa sokoni humwambia ataje milioni tano ili wamshushe hadi tatu. Wakala hashushi. Mbele yake ana majina arobaini, anaziangalia tarakimu, na iliyo nje ya fungu anaiacha. Hakuna anayekuita unapoondoka, wala hujui kama umeondoka.

Na wenye haya hufanya kinyume chake. Huandika "nitaridhika na chochote mtakachonipa", kwa adabu ya kweli, kama mgeni anayesema chakula chochote kinafaa. Kwa mwenyeji hiyo ni heshima. Kwenye ujumbe wa kazi ni ruhusa ya kupewa kipande cha chini cha fungu, tena humfanya wakala apungukiwe na imani, kwa sababu mhasibu mkuu asiyejua thamani ya mhasibu mkuu anatia shaka. Afadhali kidogo "mshahara wa maelewano", lakini hata huo haujibu kitu: swali linamrudia vilevile, ila sasa wamepoteza siku mbili.

Kinachofaa, kwa maoni yangu, ni kumwomba yeye ataje kwanza, na kwa maneno yanayompa sababu ya kutaja. Fungu analo yeye. Huko Ulaya jambo hili limegeuzwa sheria: agizo namba 2023/970 la Umoja wa Ulaya linampa mwombaji kazi haki ya kujua mshahara wa kuanzia, au mipaka yake, mapema, kwa mfano kabla ya usaili, na linamkataza mwajiri kumuuliza alikuwa akilipwa kiasi gani kwingine. Nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 7 Juni 2026 kuliingiza katika sheria zao. Angalia tofauti ya maneno hapo: mshahara uliokuwa ukilipwa ni jambo moja, unaoutaka ni jingine. Mpwa wangu aliulizwa la pili tu, ila nilimwambia akiulizwa la kwanza anaweza kujibu kwa upole kwamba kazi ile na hii si moja, kisha arudi kwenye kima cha hii.

Sisi hatuna sheria kama hiyo, lakini kuuliza hakuhitaji sheria. Tena zipo nafasi ambazo swali la matarajio halina kazi kabisa. Mashirika ya Umoja wa Mataifa hulipa wafanyakazi wa hapa kwa jedwali lililochapishwa, kila daraja na ngazi yake, na mtu yeyote anaweza kulisoma. Hata kama huombi kazi huko, jedwali hilo ni kipimo kizuri: linakuonyesha kazi kama yako inathaminiwaje mjini humu na mlipaji anayejitahidi kulipa vizuri, kisha unashuka kutoka hapo kwa busara, ukiwauliza na wenzako wawili watatu wa fani yako.

Baada ya kuomba fungu, mtu ataje chake, kwa sababu anayeuliza bila kutoa chochote huonekana anakwepa. Atumie wigo. Wazee wetu walilijua wigo kama ua wa kuzungushia kiwanja. Leo ni nafasi iliyopo kati ya mipaka miwili. Jambo la kukumbuka ni kwamba anayeingia kwenye wigo wako ataingilia upande wa chini. Ukisema kati ya milioni mbili na tatu, umesema mbili. Kwa hiyo mpaka wa chini lazima uwe ule ambao ukipewa kesho utasaini bila kinyongo. Kwa mpwa wangu ulikuwa 2,800,000. Wa juu tuliuweka 3,300,000, ambazo mkononi zinafika kama 2,357,000. Tuliona hicho kiasi kinaweza kutetewa kwa miaka yake tisa ya kazi na ujuzi wake wa hesabu za forodha.

Likabaki jambo la sarafu, ambalo Bujumbura si dogo. Mwezi Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi iliishusha faranga kwa mkupuo, dola moja ikatoka kwenye faranga 2,000 na kidogo hadi karibu 2,800. Aliyekuwa na mshahara wa faranga aliamka na faranga zile zile. Aliyekuwa na mshahara wa dola aliamka na faranga nyingi zaidi. Na pembeni ya kiwango cha benki kuna kiwango cha mtaani, ambacho kimewahi kuwa zaidi ya maradufu ya kile rasmi. Mtu akisema "dola 900", bado hajasema atakachoshika. Zitalipwa kama dola, au zitageuzwa faranga? Kwa kiwango cha nani? Cha siku ya kusaini mkataba au cha siku ya malipo? Neno "sawa na", linalopendwa sana katika mikataba, ndilo la kuliogopa: "faranga zilizo sawa na dola 900" ni sentensi ambayo haijakamilika mpaka ipate kiwango na tarehe.

Tukaandika, yeye akichapa na mimi nikisoma kwa sauti:

"Habari za kazi, na asante kwa kuniandikia. Niko tayari kusikia zaidi. Ili tusipotezeane muda, naomba kujua kima ambacho mteja wako amekitenga kwa nafasi hii. Kwa upande wangu, kwa kazi ya mhasibu mkuu hapa Bujumbura, nafikiria mshahara ghafi wa kati ya faranga 2,800,000 na 3,300,000 kwa mwezi, mbali na posho, nami nitathibitisha nikishayajua majukumu. Kama malipo yatakuwa kwa dola, naomba kujua yatageuzwa kwa kiwango gani na cha siku ipi."

Alisita kwenye "nafikiria". Aliona ni legevu. Nilimwambia tuliache: si "nataraji" la kungoja, wala si "nadai" la kugombana, na linamwachia nafasi ya kupanda iwapo kazi itaonekana nzito kuliko jina lake. Yeye akaliongeza "na asante", ambalo mimi nilikuwa nimelisahau.

Jibu lilikuja jioni ile ile, tukiwa bado tunakunywa chai. Wakala alishukuru kwa uwazi, akasema mteja ametenga dola 900 hadi 1,100 kwa mwezi, na akauliza kama wanaweza kuzungumza Jumanne. Mpwa wangu alichukua karatasi. Kwa kiwango rasmi cha siku zile, karibu faranga 2,900, dola 900 ni 2,610,000, chini ya mpaka wake. 1,100 ni 3,190,000, ndani ya wigo. Lakini hesabu hiyo ilikuwa na maana iwapo tu tunajua ni sura ipi ya mshahara. Aliandika bila kuniuliza:

"Jumanne inafaa. Hizo 900 hadi 1,100 ni ghafi au za mkononi?"

Alama ya kuonyesha kwamba mtu anaandika ikatokea, ikapotea, ikatokea tena. Kisha yakaja maneno matatu: "Ngoja nimuulize mteja."